Skrinishoti ya regresheni imekatwa na ekari imetoka hasi: tuanzie wapi?

Picha ilinifikia kwenye simu saa mbili usiku, ikiwa imekatwa upande wa kulia. Aliyeituma ni dada anayemalizia utafiti wake wa shahada kuhusu kahawa ya vihambani kule Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo kaka. Ekari imetoka hasi. Msimamizi ameniambia niitoe tu, lakini sielewi shamba kubwa linapunguzaje kahawa."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Tulikaa nalo siku mbili, na kwa ruhusa yake naliweka hapa hatua kwa hatua, kwa sababu picha za namna hii naletewa kila msimu wa kukusanya ripoti. Namba nimezisogeza kidogo ziwe za duara ili ufuatilie hesabu bila kuchoka, ila tabia yake ni ileile. Hiki ndicho kilichoonekana kwenye picha:

```
      Source |       SS       df       MS
-------------+------------------------------
       Model |     180000      4      45000
    Residual |      70000     35       2000
-------------+------------------------------
       Total |     250000     39    6410.26

--------------------------------------------
      kahawa | Coefficient  Std. err.     t
-------------+------------------------------
       miche |        .34       .191    1.78
        eneo |        -36      57.29   -0.63
      samadi |          3       .538    5.58
        umri |        -.6       .677   -0.89
       _cons |       14.2       46.3    0.31
--------------------------------------------
```

Kigeu tegemezi, `kahawa`, ni kilo za kahawa kavu ambazo kaya ilipata katika msimu mmoja. `miche` ni idadi ya mikahawa, `eneo` ni ekari za kihamba, `samadi` ni matoroli ya samadi yaliyomwagwa shambani mwaka huo, na `umri` ni miaka ya mkuu wa kaya.

Dalili ya kwanza: picha haina idadi ya kaya, R mraba wala thamani za p

Stata, programu iliyotoa jedwali hili, huandika hayo yote upande wa kulia, na upande huo ndio uliokatwa. Watu wengi hapa huomba picha nyingine. Hakuna haja, kwa sababu kilichobaki kushoto kinatosha kuvirudisha.

Anza na safu ya `df`, yaani digrii za uhuru. Mstari wa `Total` una 39, na huo siku zote ni idadi ya kaya ukitoa 1. Kwa hiyo kaya zilizotumika ni 40. Mstari wa `Model` una 4, nao ni idadi ya vigeu vyako. `_cons` haihesabiwi humo, na hapo ndipo wengi wanapokosea wanapotumia fomula ya R mraba iliyorekebishwa kwa mkono.

Nilipomwandikia kwamba kaya ni 40, alishtuka. "Mbona nilihoji kaya 46?" Kompyuta haikukosea. Stata ikikuta kaya haina jibu hata kwenye kigeu kimoja tu kilichomo kwenye modeli, huiacha kaya nzima, tena bila kukupigia kelele. Tulifungua data tukaona kaya 6 hazikuwa na kilo za mavuno, kwa sababu wenyewe hawakukumbuka. Hizo huwezi kuzijazia. Lakini nilitaka kwanza kuhakikisha kuwa pengo haliko kwenye safu ya samadi. Mhojaji akifika kwa mtu asiye na ng'ombe mara nyingi huacha nafasi wazi badala ya kuandika 0, na hapo regresheni inawatupa nje watu wasiotumia samadi, ambao ndio tuliohitaji kuwalinganisha na wanaoitumia.

R mraba inatoka kwenye safu ya `SS`: 180000 gawanya kwa 250000, unapata 0.72. Maana yake ni kwamba asilimia 72 ya tofauti za mavuno kati ya kaya na kaya zinafuatana na vigeu hivi vinne. R mraba iliyorekebishwa nayo inatoka kwenye safu ya `MS`, na sijui kwa nini hili halisemwi mara nyingi zaidi: ni 1 toa 2000 gawanya kwa 6410.26, yaani 0.688. Tofauti yote ya hizo mbili iko hapo. Ya kwanza inalinganisha jumla, ya pili inalinganisha jumla zilizogawanywa kwa digrii za uhuru, kwa hiyo kila kigeu unachoongeza kinakulipisha digrii moja.

Kuhusu thamani za p, safu ya `t` ipo. Kwa digrii za uhuru 35, mpaka wa asilimia 5 ni 2.03. Samadi yenye 5.58 imeuvuka mbali sana. Miche yenye 1.78 haijafika, na ekari na umri wako chini kabisa. Ukitaka masafa ya uhakika ya asilimia 95, chukua koefisienti, ongeza na toa kosa sanifu, yaani safu ya `Std. err.`, mara 2.03. Kwa samadi inakuwa 3 kuongeza na kutoa 1.09, yaani kutoka kilo 1.9 hadi kilo 4.1 kwa kila toroli.

Dalili ya pili: kwenye ripoti miche imekuwa 34

Rasimu yake ilisema kila mche mmoja zaidi unaongeza kilo 34 za kahawa. Mkulima yeyote wa Kibosho angeuliza huo mche umepandwa wapi. Chanzo ni nukta. Stata haiandiki sifuri mbele ya nukta, huandika `.34`, na picha ikibanwa na simu ile nukta inafutika kama vumbi. Alama ya kutoa nayo hupotea hivyohivyo.

Kinga yake ni hesabu moja. Katika kila mstari, koefisienti ukiigawa kwa kosa sanifu lazima upate t. 0.34 kwa 0.191 ni 1.78, sawa na iliyoandikwa. Ungesoma 34 kwa 0.191 ungepata 178, na hapo ungejua jicho limekudanganya. Ishara ya t nayo ni lazima ifanane na ishara ya koefisienti, kwa sababu kosa sanifu haliwi hasi kamwe.

Dalili ya tatu: kosa sanifu la ekari ni 57, la miche halifiki hata 1

Hapa alikuwa amejiambia kwamba ekari imepimwa vibaya mno na miche imepimwa vizuri. Sivyo. Ekari moja ni kitu kikubwa, mche mmoja ni kitu kidogo, na kosa sanifu hubeba kipimo cha kigeu chake. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047. Ungeandika eneo kwa mita za mraba, koefisienti ya -36 ingekuwa -0.0089 na kosa sanifu la 57.29 lingekuwa 0.0142. Ghafla lingeonekana dogo kuliko la miche, na t ingebaki -0.63 ileile.

Kwa hiyo kosa sanifu halilinganishwi na la jirani yake. Linganisha na koefisienti iliyo kwenye mstari wake. La ekari ni karibu mara 1.6 ya koefisienti yenyewe, na hilo ndilo jambo la kuhangaikia.

Dalili ya nne: ekari ni hasi, na miche nayo haisimami

Hili ndilo lililomkosesha usingizi, na ndilo lenye mambo mengi ndani yake.

Kwanza ile hasi yenyewe. Masafa ya uhakika ya ekari ni -36 kuongeza na kutoa 116, yaani kutoka -152 hadi +80. Modeli haijasema shamba kubwa linapunguza kahawa. Imesema haijui: inaweza kuwa inapunguza sana, inaweza kuwa inaongeza sana. Ishara ya namba iliyo katikati ya masafa mapana hivyo haina uzito wa kuandikiwa aya.

Lakini kwa nini haijui? Kosa sanifu hukua kwa sababu chache. Kaya zikiwa chache, hukua. Mavuno yakiwa yanayumba kwa mambo usiyoyapima, hukua. Kigeu kikiwa hakitofautiani sana kati ya kaya na kaya, hukua. Na kigeu kikiwa kinakwenda sambamba na vigeu vingine vilivyomo, hukua pia. Sababu mbili za kwanza huwapiga wote kwa pamoja, na hapa samadi imesimama imara katika kaya zilezile 40. Nayo eneo ilitofautiana vya kutosha, kutoka nusu ekari hadi ekari mbili na ushee. Imebaki ya nne.

Nikamwuliza: "Kule Kibosho watu wanaachaje nafasi kati ya mikahawa?" Akajibu: "Wote ni karibu sawa kaka, ni ile waliyorithi kwa wazee, na migomba katikati." Hapo jibu likajitoa lenyewe. Kama nafasi ni ileile kwa kila kaya, ukijua ekari umeshajua miche, na ukijua miche umeshajua ekari. Ni mapacha waliovaa nguo zinazofanana.

Sasa kumbuka koefisienti ya ekari inauliza nini. Inauliza: tukiongeza ekari moja huku miche, samadi na umri vikibaki vilevile, kahawa inabadilikaje? Ili kujibu, modeli inahitaji kaya zenye miche sawa lakini ekari tofauti, mfano miche 400 kwenye ekari moja na miche 400 kwenye ekari mbili. Kibosho kaya za hivyo ni za kutafuta. Zile mbili tatu zilizopo ndizo zinazobeba koefisienti nzima mgongoni, na pengine wana miche iliyotawanyika kwa sababu mikahawa mingine imekufa au wamehamia kwenye migomba na parachichi. Ukiona hivyo, hata hasi haishangazi.

Uthibitisho ni amri moja, inayoandikwa mara tu baada ya regresheni:

```
estat vif
```

Miche na eneo zote zilikuja karibu 16, samadi 1.27, umri chini ya hapo. VIF ya 16 isome kwa kuchukua kipeuo chake cha pili: ni 4. Maana yake kosa sanifu la miche ni mara nne ya lile ambalo lingekuwa kama miche isingefuatana kabisa na wenzake. Au ligeuze: 1 gawanya kwa 16 ni 0.0625. Katika tofauti zote za idadi ya miche kati ya kaya, asilimia 6 na kidogo tu ndizo za miche peke yake, na zilizobaki zinaelezwa na vigeu wenzake, ekari ikiwa ya kwanza. Utasikia watu wakisema ikizidi 10 ni mbaya. Mimi siishiki namba hiyo kama sheria. Natazama kwanza ni kigeu gani kimepigwa, na kama ndicho nilichokuja kukitafuta.

Je, miche na ekari hazina maana? Hapana. Zinashindwa kutenganishwa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ukizijaribu kwa pamoja utaona:

```
test miche eneo

       F(  2,    35) =    9.26
            Prob > F =    0.0006
```

Kila mmoja peke yake hakufika 2.03, lakini wote wawili kwa pamoja wanakataa sifuri waziwazi. Ukubwa wa shamba la kahawa unahusiana na mavuno. Data hii haiwezi tu kusema ni miche au ni ardhi.

Je, tuitoe ekari kama alivyoambiwa?

Tulijaribu, na matokeo yanafaa kutazamwa kwa karibu. Koefisienti ya miche ilitoka 0.34 ikawa 0.2246, na kosa sanifu likaporomoka kutoka 0.191 hadi 0.0523, hivyo t ikapanda hadi 4.29. Ukiona koefisienti imehama hivyo, usifurahi haraka. Miche sasa imebeba kazi ya mapacha wote wawili. Ile 0.22 ni ya "mche mmoja pamoja na kipande cha ardhi kinachokwenda nao". Ni namba halali, ila iandikwe kwa jina hilo.

R mraba ilishuka kidogo, 0.7200 hadi 0.7168. Haiwezi kufanya vingine, kwani ukitoa kigeu, kwa kaya zilezile, R mraba haipandi. Lakini iliyorekebishwa ilipanda kutoka 0.688 hadi 0.693, na dada yangu akaandika: "Basi msimamizi alikuwa sahihi, modeli imekuwa bora." Hapo nikamwomba asubiri.

Kanuni ya R mraba iliyorekebishwa ni hii: ukitoa kigeu kimoja ambacho t yake, bila kujali ishara, ni chini ya 1, itapanda, ikiwa juu ya 1, itashuka. Ni hesabu tu, na haibadiliki kamwe. Ekari ilikuwa na 0.63, kwa hiyo kupanda kulijulikana kabla hatujabonyeza kitu. Umri nao una 0.89, ukiutoa itapanda pia. Kwa hiyo kupanda huku hakujatuambia lolote jipya ambalo safu ya `t` haikuwa imeshasema, na hakuwezi kutuambia kama kigeu kina haki ya kuwemo. Kaya zenye miche mingi zikiwa pia na ng'ombe wengi, kukitoa kipimo cha shamba kunaweza kuipa samadi sifa zisizo zake, hata kama R mraba iliyorekebishwa inapanda.

Swali la kuamua ni moja: utafiti unauliza nini? Wake ulikuwa unauliza kuhusu samadi. Miche, ekari na umri viliwekwa ili kulinganisha kaya zinazofanana. Na samadi haikuguswa na ugomvi wa mapacha: VIF yake ni 1.27, na tulipoitoa ekari koefisienti yake ilitoka 3 ikawa 2.98, kosa sanifu kutoka 0.538 hadi 0.531. Vigeu vya kulinganishia vikibebana vyenyewe kwa vyenyewe, kigeu unachokitafuta hakidhuriki. Kwa hiyo nilimshauri aiache ekari ndani, na aweke modeli ya pili isiyo na ekari pembeni, msomaji aone mwenyewe kwamba samadi haitikisiki.

Swali lake lingekuwa "je, wakulima waongeze miche kwenye ardhi ileile?" ningemwambia vingine kabisa. Hapo mapacha ndio swali lenyewe, na hakuna amri ya Stata inayoweza kuwatenganisha. Angelazimika kurudi mlimani kutafuta kaya zinazopanda kwa nafasi tofauti. Wengine hugawa miche kwa ekari wapate msongamano, kisha wanauweka pamoja na eneo. Ni njia nzuri, kwa sababu msongamano na ekari havifuatani sana na koefisienti inasomeka kwa lugha ya mkulima. Lakini kama kila kaya ina msongamano uleule, kosa sanifu litabaki kubwa tu, safari hii kwa sababu ile ya tatu: kigeu hakitofautiani.

Jinsi alivyoandika mwishoni

Sentensi ya samadi ikawa: kati ya kaya zenye miche, eneo na umri wa mkuu wa kaya unaolingana, toroli moja zaidi la samadi linaambatana na kilo 3 zaidi za kahawa kavu, masafa ya asilimia 95 yakiwa kilo 1.9 hadi 4.1. Tulichagua "linaambatana" kwa makusudi. Mwenye samadi nyingi ana ng'ombe, na mwenye ng'ombe huenda ana fedha ya dawa ya kutu ya majani na watu wa kupogoa, mambo ambayo dodoso halikuyauliza.

Kuhusu ekari aliandika kwamba ukubwa wa shamba, miche na eneo kwa pamoja, unahusiana na mavuno, ila sampuli haikuruhusu kuvitenganisha kwa sababu nafasi za kupandia zinakaribiana. Hakugusa ile hasi. `_cons` ya 14.2 nayo aliiacha kwenye jedwali bila maelezo, maana ni mavuno ya kaya isiyo na mche, isiyo na ardhi, na yenye mkuu wa kaya mwenye umri wa sifuri.

Jedwali lenyewe alilichapa upya badala ya kubandika picha, makosa sanifu yakiwa kwenye mabano chini ya koefisienti, na chini kabisa idadi ya kaya 40, R mraba 0.72, iliyorekebishwa 0.69, pamoja na mstari mmoja unaosema kaya 6 ziliachwa kwa kukosa kilo za mavuno.